Siku sita katika nyumba ya Jan Steen

Nimerudi Tanga wiki ya tatu sasa, na ndiyo kwanza nimepata usiku wa kukaa na daftari langu, risiti zilizokunjamana na picha mia nne za simu. Nauza kanga. Duka aliliacha marehemu mama, na nusu ya kazi yangu ni kuwasomea watu majina ya kanga, kwa sababu wengi huipenda rangi kwanza, kisha huuliza kwa wasiwasi, "Inasemaje?" Labda ndiyo maana picha za kuchorwa za Waholanzi wa kale zilinishika. Mdogo wangu, aliyeolewa Utrecht, Uholanzi, alinitumia kalenda mwaka 2016. Ukurasa wa Desemba ulikuwa na picha ya Jan Steen, mchoraji wa Kiholanzi wa karne ya 17: familia chumbani, mtoto mmoja anacheka, mwingine analia, bibi kajibanza nyuma. Nikajiuliza hii nayo inasemaje. Tangu hapo nasoma kila ninachokipata, na mwaka jana nikasema liwalo na liwe, nakwenda kuziona.

Viza ya Schengen ni euro 90, hairudishwi ukikataliwa. Anza miezi miwili kabla, na barua ya mwenyeji wako iwe na anwani ile ile iliyo kwenye fomu. Yangu ilitofautiana namba moja ya nyumba, nikarudishwa Tanga na basi la usiku kusubiri barua nyingine.

Jumatatu, 2 Desemba 2024: Utrecht

Habari za ndege sizisimulii, nililala. Kutoka uwanja wa Schiphol treni inakufikisha Utrecht kwa nusu saa hivi. Hununui tiketi ya karatasi: unagusisha kadi ya benki kwenye kinguzo ukiingia, unagusisha tena ukitoka. Kumbuka hiyo "tena". Mimi nilipomwona mdogo wangu nje ya kituo nilikimbia kumkumbatia, nikasahau kugusa, kesho yake nikakuta nimekatwa euro 20. Kosa langu mwenyewe.

Saa kumi na moja jioni giza limeshaingia. Tulitembea mtaani na nikaona jambo nililokuwa nimelisoma tu: madirisha makubwa ya sebuleni, taa zimewashwa, mapazia hayajafungwa. Unaona watu wanakula, wanakunja nguo, mtoto anafanya hesabu. Nilikuwa nakaza macho mpaka mdogo wangu akanivuta mkono. "Dada, hapa watu hawafungi, lakini na wewe huchungulii."

Sebuleni kwake kulikuwa na kiatu kimoja cha mtoto kimewekwa chini, ndani yake karoti. Mtoto wake wa miaka sita alinieleza, kwa Kiswahili cha kusitasita: "Mama mkubwa, hii ya farasi. Usile." Farasi ni wa Mtakatifu Nikolasi, ambaye usiku huchukua karoti na kuacha peremende. Nilicheka peke yangu. Kiatu kile kimo kwenye ukurasa wa Desemba.

Jumanne, 3 Desemba: Amsterdam

Treni ya saa mbili ilifutwa, iliyofuata ikajaa. Tiketi ya makumbusho ya Rijksmuseum, wakati ule euro 22.50, hununuliwa mtandaoni ikiwa na saa ya kuingia, na saa yangu ilishapita nilipofika mlangoni natweta. Kijana wa mlangoni akatazama simu yangu, akatazama ushungi wangu uliolowa mvua, akasema pita tu. Mabegi makubwa yanaachwa kwenye makabati. Kupiga picha ruhusa, bila mwanga wa flashi.

Nilianza na mzee wa ukoo mzima wa picha hizi: jiko lililochorwa na Joachim Beuckelaer wa Antwerp mwaka 1566. Ni picha pana ya mita mbili na nusu, na unapoikaribia ni kama kusogelea genge la Mgandini alfajiri. Kabichi, matunda, kuku walionyonyolewa, nyama, watumishi wako kazini, mikono imejaa. Macho yanashiba kabla tumbo. Ukishamaliza kutamani ndipo unapoona, nyuma kabisa, watu wadogo kama kidole: Yesu ameketi nyumbani kwa Martha na Mariamu. Ni ile habari ya Luka sura ya 10, Martha anahangaika na mapishi, Mariamu ameketi kusikiliza, na Yesu anasema Mariamu ndiye aliyechagua fungu lililo jema.

Tazama ujanja wake. Mchoraji hakuandika popote kwamba chakula kinaisha na neno linabaki. Alikufanyia mtihani. Umeitazama kabichi kwa dakika tano kabla ya kumwona Kristo, basi wewe ni Martha, na umekamatwa papo hapo. Mwaka ule ule wa 1566 watu wenye hasira waliingia makanisani nchi nzima ile wakavunja sanamu na picha za watakatifu. Makanisa ya Waprotestanti wa Kikalvini yaliyokuja baadaye yakabaki na kuta nyeupe, na wachoraji wa kaskazini, Uholanzi, wakakosa mteja wao mkubwa. Ikabidi wauze kwa watu wa kawaida, kwa ajili ya sebule. Kizazi hata kizazi yule Yesu wa nyuma akazidi kutoweka, mpaka likabaki jiko peke yake, soko peke yake, chumba peke yake. Swali ambalo wasomi wanagombania hadi leo ni kama alipoondoka aliondoka na somo lake, au aliliacha limejificha kwenye vyombo.

Ghorofa ya juu nilikutana na Jan Steen. Alizaliwa Leiden mwaka 1626, na kama kuna mtu aliyeishi kwenye methali ni yeye. Picha yake ya *Familia yenye furaha* ya mwaka 1668 ni kelele tupu: baba ameinua glasi anaimba, mama na bibi wanaimba naye, watoto wanapuliza vyombo vyao, na mmoja ameshika kiko kirefu cha tumbaku. Sufuria na mabaki yako sakafuni. Pembeni, juu ya meko, kuna kikaratasi kimening'inia, na juu yake methali ya Kiholanzi: wanavyoimba wazee, ndivyo wapulizavyo vijana.

Nilisimama pale nikahisi niko dukani kwangu. Kanga ina pindo, ina mji, na ina jina. Pindo na mji vinapendeza macho, jina ndilo linalouma. Steen amefanya vivyo hivyo, rangi na vicheko pindoni, kisha sentensi moja ya maandishi pembeni. Na kwetu sentensi hiyo ipo: mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Nimeiuza kwa akina mama wengi, na sijaona hata mmoja aliyejinunulia mwenyewe. Wote humnunulia mwingine.

Kisha ukurasa wa Desemba, *Sikukuu ya Mtakatifu Nikolasi*, ya kati ya 1665 na 1668. Nilidhani ni kubwa. Ni ndogo, sentimita 82 kwa 70, ningeweza kuibeba kwapani. Msichana mdogo amekumbatia kikaragosi cha Yohana Mbatizaji na ndoo iliyojaa vitamu, na mama yake amenyoosha mikono akimwita, naye haendi ng'o. Kushoto kaka yake mkubwa analia, kwa sababu ndani ya kiatu chake, kinachoinuliwa na mtumishi, hakuna zawadi bali fimbo. Mdogo mtu anamnyooshea kidole huku akicheka na kututazama sisi watazamaji, tucheke naye. Chini kuna kapu la vitumbua na biskuti, na upande wa kulia mkate mkubwa wa sikukuu umeegemezwa.

Somo la juu juu kila mtu analiona: mwema hupata, mtundu huchapwa. Lakini kaa kidogo. Msichana aliyesifiwa kwa wema ndiye anayewanyima wote. Anayecheka hana wema wowote usoni. Na nyuma, karibu na pazia la kitanda, bibi anamwita kijana anayelia kwa kidole, mkono mwingine unalishika pazia. Wengi husema amemfichia zawadi. Picha haionyeshi zawadi yoyote. Inakuachia uamue wewe bibi wa namna gani unamfahamu.

Kuna siasa pia pale ndani. Steen alikuwa Mkatoliki katika nchi iliyotawaliwa na Wakalvini, na baadhi ya miji ilikuwa imepiga marufuku kuuza biskuti zenye umbo la watakatifu. Msichana amebeba mtakatifu mkononi mwake, na mtoto mchanga nyuma ameshikilia biskuti yenye umbo la mtakatifu. Mteja Mkatoliki angeitazama picha hii akatabasamu kivyake.

Jambo jingine kwa Mwafrika atakayekwenda Desemba. Yule mtumishi mweusi wa Mtakatifu Nikolasi, ambaye kwa miaka mingi watu walijipaka masizi na kuvaa mawigi kumwigiza, hayumo kwenye picha ya Steen. Alipata umaarufu kutokana na kitabu cha watoto cha mwalimu Jan Schenkman cha mwaka 1850. Kelele juu yake zimekuwa nyingi, na sehemu nyingi siku hizi waigizaji hujipaka alama chache tu za masizi ya bomba la moshi. Mdogo wangu ana maneno yake kuhusu hilo, siyaandiki hapa.

Chakula cha mchana nilikula nje, kibandani: samaki wa heringi mbichi aliyetiwa chumvi, na vitunguu vilivyokatwakatwa, euro 4 na ushee. Unamshika mkia. Nilikula nusu kwa heshima ya wenyeji na nusu kwa sababu nilikuwa nimeshalipa.

Alasiri nilirudi kwa vitu viwili tu. Kwanza *Mtumishi amiminaye maziwa* wa mchoraji Vermeer, wa mwaka 1660 hivi. Mwanamke mnene, mikono imeungua na jua, anamimina maziwa. Kila mtu huimba sifa za utulivu wake. Lakini chini kulia, sakafuni, kuna kisanduku cha mbao chenye matundu juu, na ndani yake chungu cha makaa. Wanawake wa Kiholanzi walikiweka chini ya sketi kupasha miguu wakati wa baridi. Nyuma yake, kwenye vigae vya ukutani, kigae kimoja kina Kupido, yule mtoto wa mapenzi mwenye upinde.

Mwanamke wa pwani haelezwi hapa. Nani kati yetu hajasimama juu ya chetezo, doti limemzunguka, moshi wa udi unapanda? Tunajua makaa chini ya nguo yana habari gani. Na hatubahatishi: mwaka 1614 Roemer Visscher wa Amsterdam alitoa kitabu cha vijipicha vyenye mafumbo, na kimojawapo ni kisanduku hiki hiki, na maelezo yake yanatania kwamba ndicho mpenzi wa wanawake, na mwanamume anayewataka inambidi ashindane nacho. Kwa hiyo mnunuzi wa wakati ule alipokiona karibu na Kupido aliweza kuunganisha. Vipimo vilivyofanywa na Rijksmuseum na kutangazwa mwaka 2022 vilionyesha kwamba mwanzoni Vermeer alichora vitu vingine, rafu ya kutundikia magudulia nyuma ya kichwa cha mtumishi na kapu la kukaushia nguo za mtoto karibu na moto, kisha akavifuta. Pale palipokuwa kapu pana sasa kisanduku. Aliamua. Ila aliamua nini? Kwamba mtumishi anawaza mapenzi? Kwamba hafikirii mapenzi, ndiyo maana kisanduku kiko mbali naye, sakafuni, hakimhusu? Hapo ndipo wasomi wanapoanza kukwaruzana.

Cha pili kilinifundisha kuogopa. Gerard ter Borch, kama mwaka 1654: mwanamke ametugeuzia mgongo, gauni la hariri ya kung'aa ambalo ungeapa litachakarika ukiligusa. Askari ameketi mbele yake ameinua mkono kana kwamba anasema naye. Mwanamke mtu mzima kando anakunywa mvinyo, macho ndani ya glasi. Katika karne ya 18 picha hii ilichongwa na kuchapishwa kwa jina la *Mawaidha ya baba*, na mshairi Goethe mwenyewe akaieleza hivyo: baba anamwonya binti, mama anaficha aibu yake kwa kunywa. Baadaye wengine wakatazama upya. Yule "baba" ni kijana mno. Na nyuma kuna kitanda. Wakasema hii ni danguro, askari ameshika sarafu, anapanga bei, na mama ni kuwadi. Sarafu nimeitafuta kwa macho yangu mpaka mlinzi akanisogelea, sikuiona. Siku hizi wanaiita kwa tahadhari *Mazungumzo ya kiungwana*, yaani uchumba.

Baba, mteja, mchumba. Gauni ni lile lile.

Kwa atakayekwenda: tovuti ya makumbusho haya inakuruhusu kupakua picha zake nyingi bure, kwa ukubwa unaoonyesha hadi nyufa za rangi. Zitazame nyumbani kwanza. Pale ukutani utaona ukubwa na mwanga, nyumbani utaona kikaratasi.

Jumatano, 4 Desemba: Den Haag

Safari hii niligusa kadi kama mtu anayebisha hodi, nikahakikisha taa ya kijani. Kutoka Utrecht ni kama dakika arobaini. Jumba la Mauritshuis ni dogo, unalimaliza kwa saa mbili, na watu wamejazana kwenye picha ya Vermeer ya msichana wa hereni ya lulu. Waache. Nenda kwa Steen.

Hapa methali ile ile ameichora kwa upana wa mita moja na sentimita sitini hivi, mwishoni mwa miaka ya 1660, na ndiyo picha iliyonifanya nikope nauli. Familia nzima mezani. Kushoto mwanamke ameegemea kivivu, miguu juu ya kisanduku cha makaa, ameinyoosha glasi, na mwanamume amesimama anammiminia mvinyo kutoka juu sana hadi unachora upinde hewani. Bibi mwenye miwani ameshika karatasi anaimba. Mama ana mtoto mchanga. Nyuma kijana anapuliza zumari la mfuko. Kasuku yuko kwenye kijiti chake. Na kulia, mwanamume wa kofia, mdomo wazi kwa kicheko, anamshikia mtoto wa kiume kiko avute.

Huyo mwanamume ni Jan Steen. Amejichora mwenyewe akimfundisha mtoto tumbaku.

Nilikuwa nimeinama kwenye karatasi ya bibi, najaribu kuambatanisha herufi, mzee mmoja wa Kiholanzi akasimama kando. Aliniuliza kwa Kiingereza kama nasoma Kiholanzi. Nikamwambia nasoma kanga. Hakuelewa, ikabidi nimwonyeshe niliyojitanda chini ya koti. Alicheka, akanisomea ile karatasi neno kwa neno, mara mbili, nami nikaandika: kama ilivyoimbwa mbele ndivyo inavyopulizwa nyuma, jambo hilo limejulikana zamani, mimi nawatangulia kuimba, nanyi mtufuate, wa umri wa mwaka mmoja hadi mia. Akanieleza kwamba utamu wake uko kwenye kitenzi. Kiholanzi cha wakati ule kilikuwa na neno moja lililobeba kupuliza zumari na kuvuta kiko, kwa hiyo watoto wa Steen wanaitii methali kwa kila maana yake, mmoja ana zumari, mwingine ana kiko. Kasuku naye ni yule yule mwigaji, hana lake, anarudia alichosikia.

Hapo nikaona namna ya kupima. Jambo lililoandikwa ndani ya picha halina ubishi, mchoraji amelisema. Kitu kinachofanya kazi pamoja na maandishi, kama kasuku na kiko, nacho kinaaminika. Lakini kitu kilicho peke yake, bila neno, bila mwenzake, chumbani ambamo kina sababu ya kawaida ya kuwepo, hicho usikitie maneno mdomoni. Kisanduku cha makaa chini ya miguu ya mwanamke huyu mlevi kinaongea. Kisanduku kama hicho chini ya miguu ya bibi anayesali kinaweza kuwa baridi tu.

Ugomvi wa wasomi nimeusoma kwa miaka. Eddy de Jongh, tangu miaka ya 1960, ndiye aliyewafundisha watu kuzisoma picha hizi kwa kutumia vitabu vya mafumbo, na mwaka 1976 kukawa na maonyesho makubwa Rijksmuseum juu ya mafunzo na burudani ndani yake. Svetlana Alpers, mwaka 1983, akajibu kwamba Waholanzi walipenda kuuona ulimwengu na kuueleza kwa rangi, si lazima kila ufagio uwe hotuba. Niliposoma wote wawili nilikuwa upande wa De Jongh. Baada ya ter Borch jana nimesogea hatua moja upande wa pili.

Yule mzee alinipeleka hadi kwenye picha ndogo kuliko zote za Steen, sentimita 20 kwa 14, msichana anatia chumvi kwenye chaza huku anatutazama moja kwa moja. Chaza kwao walisifika kuamsha tamaa. Nyuma kuna pazia la kitanda limefungwa. Mzee akasema, "Hii haina karatasi." Kisha akaniaga, akaenda zake. Jina sikumuuliza, na najuta.

Alhamisi, 5 Desemba: Utrecht, ndani

Mvua. Usiku wa zawadi. Shemeji yangu ni Mholanzi, na mama yake alikuja na sufuria la viazi vilivyopondwa na kabichi. Alipoingia akaona viatu, karatasi za zawadi, midoli na baiskeli ya mtoto sebuleni, akasema kitu, wote wakacheka. Mdogo wangu akanitafsiria: "Amesema hii ni nyumba ya Jan Steen." Ndiyo namna yao hadi leo ya kusema nyumba imevurugika. Miaka zaidi ya 340 tangu afe, na jina lake ni kemeo la mama mkwe.

Sikuwa nimejua kwamba usiku huu kila zawadi huja na shairi, limetiwa saini ya Mtakatifu, na kazi ya shairi ni kumsuta mpokeaji. Hasira haziruhusiwi. Langu liliandikwa na shemeji, likasomwa kwa sauti: kuhusu mgeni kutoka mbali aliyempa mdogo wake kumbatio la euro 20. Nilicheka mpaka machozi, lakini niliona haya kidogo, na kesho yake nisingesahau kugusa kadi hata kama ningekuwa nimekufa. Bila usiku ule nisingemwelewa Steen. Nilikuwa nikimwaza kama mhubiri aliyejificha nyuma ya kicheko. Kumbe kicheko chenyewe ndicho njia wanayotumia watu hawa kuambiana ukweli mezani, na sheria ya kwanza ni kwamba msutaji naye hasalimiki. Ndiyo maana yumo kwenye picha na kiko chake.

Ijumaa nililala na mafua.

Jumamosi, 7 Desemba: Leiden

Nilichagua Jumamosi kwa sababu ya soko, ambalo hupangwa kando ya mfereji. Jibini kama magurudumu ya toroli, samaki, maua, na andazi la mviringo la mafuta lililonyunyizwa sukari ya unga, ndugu wa damu wa andazi letu, euro moja na nusu. Muuza samaki aliponiona nampiga picha aliinua samaki wake mkubwa kabisa akakaa pozi. Nikamkumbuka Gabriel Metsu, mzaliwa wa Leiden vilevile, aliyechora wauza kuku. Kwa Kiholanzi cha mitaani neno la ndege lilizaa kitenzi cha tendo la ndoa, kwa hiyo mwanamume anayempa mwanamke jogoo sokoni aliweza kuwafanya watazamaji wakonyezane. Aliweza. Pia aliweza kuwa anauza jogoo, na muuza samaki wangu alikuwa anauza samaki.

Steen alirudi Leiden mwaka 1670, mwaka mmoja baada ya kufiwa na mkewe Margriet, binti wa mchoraji Jan van Goyen. Mwaka 1672 Wafaransa walivamia nchi, watu wakaacha kununua picha, naye akapata kibali cha kufungua kilabu cha pombe. Kabla ya hapo aliwahi kukodi kiwanda cha bia Delft, hakikumlipa. Basi watu wakahitimisha kwamba alikuwa mlevi na nyumba yake ilikuwa kama picha zake. Mimi nasita. Mtu huyu ameacha mamia ya picha, na kumiminika kwa mvinyo ule wa Den Haag hakuchorwi na mkono unaotetemeka. Kujichora kichekesho hakukufanyi uwe kichekesho, la sivyo kila anayejitanda *Hasidi hana sababu* angekuwa na hasidi.

Amezikwa kanisa la Pieterskerk, Februari 1679. Kiingilio ni euro chache. Ndani ni kupana, kweupe na baridi, sauti ya viatu vyako inakurudia. Kuta tupu kabisa. Nilikaa kwenye kiti dakika ishirini, nimekunja mikono ndani ya koti, nikawaza kisanduku cha makaa.

Tanga, sasa

Gharama bila ndege wala viza: treni kama euro 75 pamoja na faini yangu, makumbusho mawili yalikaribia euro 42, chakula cha nje euro 60. Malazi, Mungu ambariki mdogo wangu. Soksi nene nunua huko.

Nilichapisha ile picha ya Mtakatifu Nikolasi, nikaibandika dukani karibu na doti za bei nafuu. Juzi aliingia bibi mmoja wa Chumbageni, mteja wa zamani, hajui Nikolasi wala Uholanzi. Aliitazama muda mrefu, fimbo ya mkwaju imemsaidia kusimama. Hakusema neno juu ya kijana anayelia wala juu ya msichana wa zawadi. Aliweka kidole pale nyuma, kwenye pazia.

"Huyu mwenzangu," akasema, "kamfichia pesa."